Chumba chenye dirisha lisiloona jua: rangi ipi ukutani?

Ukiingia duka la rangi Kariakoo au Buguruni ukaeleza kwamba una chumba kidogo chenye giza, jibu la kwanza karibu kila mara ni lile lile: paka nyeupe. Ukitafuta mtandaoni utasoma kwamba chumba kinachotazama kaskazini ndicho chenye mwanga wa baridi, hivyo kipewe rangi za joto. Fundi naye ana lake: "Dada, weka ya mafuta, ile inayong'aa, giza litakimbia lenyewe."

Kila ushauri hapo una chembe ya ukweli, na ndiyo maana unachanganya. Mtu anapaka nyeupe tupu, na chumba kinaishia kuonekana cha majivu. Mwingine anachagua krimu aliyoipenda kwenye kadi, ikikauka kwenye kuta nne inakuwa njano ya kukera. Pesa imeshatoka, fundi ameshaondoka. Ili lisikukute hilo, inabidi kuelewa mambo mawili kabla hujafungua pochi: dirisha lako linakupa mwanga wa namna gani, na ukuta unaufanyia nini mwanga huo.

Dirisha lisiloona jua, kwa Dar ni lipi?

Ushauri wa "chumba cha kaskazini" umeandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani, ambako jua la mchana hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na jua letu lina mwendo mwingine. Hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba, jua la saa sita mchana liko upande wa kaskazini, na mwezi Juni huwa limeinama huko kwa nyuzi kama 30 kutoka utosini. Miezi iliyobaki huhamia kusini, lakini kidogo tu: hata Desemba haliinami zaidi ya nyuzi 17.

Maana yake ni kwamba kwetu dirisha lisiloona jua ni la kusini. Miezi saba ya mwaka jua la mchana liko mgongoni mwa nyumba. Miezi mingine mitano liko upande wake, lakini limepanda juu mno kiasi kwamba paa lililotokeza sentimita 60 nje ya ukuta linatosha kulizuia kabisa saa sita. Novemba hadi Januari utapata miale ya ubavuni asubuhi na jioni, kama jirani hajajenga karibu. Dirisha la mashariki au la magharibi lina saa zake za jua, kwa hiyo si mada yetu leo.

Huna dira? Tafuta kibla. Kutoka Dar, Makka iko karibu kaskazini kamili, hivyo dirisha lililoupa kibla mgongo ni la kusini. Kwa mwenye nyumba aliyesoma ushauri wa Ulaya, chumba chake cha kaskazini ndicho chenye jua zaidi, na akikipaka kana kwamba ni cha baridi atakuwa ametibu chumba kisichoumwa akakiacha kinachoumwa.

Ila upande wa dira ni nusu tu ya habari. Simama katikati ya chumba, uangalie nje, ujiulize dirisha linatazama nini, kwa sababu chumba kisichopata jua hupata mwanga wa mkono wa pili, na mwanga huo huja na rangi ya kile ulichogusa. Ukiona mbingu wazi, mwanga wako una ubluu kidogo. Ukiona mwarobaini au mwembe uliosongamana, mwanga una ukijani. Na kwa nyumba nyingi za Sinza, Manzese au Tandika, unachokiona ni ukuta wa jirani umbali wa mita moja, mara nyingi matofali ya saruji yasiyopigwa plasta. Hapo mwanga unaokufikia ni wa kijivu na ni mchache, maana saruji tupu humeza zaidi ya nusu ya kinachoifikia.

Kama ukuta huo ni wa fensi yako, au jirani ni mtu wa kuzungumza naye, mkono wa kwanza wa rangi upake huko nje. Chokaa nyeupe, mikono miwili, eneo lote linaloonekana kutoka dirishani. Sijui jambo la bei nafuu zaidi ya hilo lenye faida kubwa kiasi hicho, na karibu hakuna fundi anayelitaja. Halafu safisha wavu wa mbu, kwa sababu ulioziba vumbi hula mwanga kabla haujaingia. Na kama vioo ni vya tinti, vile vya kahawia au bluu iliyokolea vinavyopendwa sana siku hizi, ujue rangi yoyote utakayochagua itaonekana kupitia miwani hiyo. Kwa dirisha lisiloona jua, tinti haina kazi, maana hakuna jua la kuzuia. Kama ni kwa ajili ya faragha, pazia jepesi jeupe litakusitiri mchana bila kubadilisha rangi ya mwanga.

Ukuta unaufanyia nini mwanga

Rangi haileti mwanga. Inarudisha ule ulioingia, na kila rangi hurudisha kwa kiwango chake. Kiwango hicho hupimwa kwa namba kutoka 0 hadi 100: nyeusi iko karibu na 0, nyeupe nzuri ya dukani iko 85 au zaidi, krimu nyepesi iko kati ya 70 na 80, kijivu cha kati kiko 40 hadi 50. Baadhi ya kampuni huichapa namba hii nyuma ya kadi ya rangi, mbele ya herufi LRV. Isipokuwepo, nenda dukani na karatasi nyeupe ya kuchapia, iweke juu ya kadi, kisha finya macho. Rangi inayokaribia kupotea ndani ya weupe wa karatasi ni ya 75 kwenda juu. Inayojitenga waziwazi iko chini ya hapo.

Tofauti ya 50 na 80 inaonekana ndogo hadi ukumbuke kwamba mwanga haugongi mara moja ukatulia. Unaingia dirishani, unagonga sakafu, unapanda darini, unateremka ukutani, unavuka hadi ukuta wa pili. Ni kama mzigo unaopita mikononi mwa madalali: kila mmoja anakata chake. Kuta zinazorudisha nusu, baada ya mwanga kugonga mara nne, zinakubakishia kama 6 katika kila 100. Zinazorudisha 80 zinakubakishia 41. Ndiyo sababu kona ya mbali na dirisha ndiyo inayoteseka: mwanga unaoifikia umeshapita kwa madalali wengi.

Tuchukue chumba cha kawaida cha kupanga: mita 3 kwa 3, kimo mita 2.7, dirisha la mita 1.2 kwa 1.2, mlango mmoja wa mbao ya kahawia. Kuta ni za kijivu cha kati, 40. Dari ilikuwa nyeupe, sasa imechakaa kwa vumbi na moshi, tuseme 60. Sakafu ni ya saruji nyekundu, 15. Ukichanganya nyuso zote kwa ukubwa wake, chumba hiki kinarudisha wastani wa 37. Sasa paka kuta krimu ya 78 na dari nyeupe ya 85. Wastani unapanda hadi karibu 64. Na kwa kuwa mwanga unagonga mara nyingi, jumla ya mwanga unaozunguka ndani haiongezeki kwa uwiano wa namba hizo mbili tu. Inakaribia kuwa mara tatu ya ile ya mwanzo. Chumba chenye kitanda na kabati kubwa jeusi kitapata pungufu ya hapo, lakini mwelekeo ni huo.

Je, ungepaka kuta nyeupe kabisa, 87, badala ya krimu? Ungeongeza kama robo nyingine. Wanaosema "paka nyeupe" hawajakosea hesabu. Lakini acha krimu ukutani, utandike sakafuni kapeti ya plastiki ya rangi ya mchanga, ya 50 hivi: unaongeza theluthi. Sakafu ndiyo inayopokea mwanga wa kwanza kutoka dirishani, na sakafu zetu nyingi ni nyekundu au za vigae vya kahawia. Watu wanahangaika miezi kati ya nyeupe na krimu huku wamekanyaga tatizo.

Kwa nini nyeupe tupu hugeuka majivu

Jicho hujirekebisha lenyewe kwa mwanga uliopo, na robo iliyozidi au kupungua huitambui bila kifaa cha kupimia. Rangi ya ukuta, kinyume chake, unaiona papo hapo. Na baadhi ya nyeupe kali za dukani zimetengenezwa zielekee ubluu kidogo ili zionekane safi. Juani zinapendeza kweli. Kwenye mwanga wa mbingu ya kusini, ambao tayari una ubluu, au uliotoka kwenye saruji ya jirani, kila kivuli cha pembeni kinakuwa cha kijivu, na jicho linausoma ukuta kama mchafu. Vijivu vya kisasa, vile vinavyoonekana kwenye picha za nyumba za mtandaoni, huathirika zaidi: hupoteza joto lote lililokuwemo na kubaki na ubaridi.

Kwa hiyo nyeupe tupu iweke darini, ambako inapokea mwanga kutoka sakafuni, na kwenye mabega ya dirisha, yaani zile kuta nyembamba za pembeni ndani ya uwazi wa dirisha. Mabega meupe hutupa mwanga ndani moja kwa moja. Kuta zenyewe zipe nyeupe iliyotiwa joto kidogo: krimu nyepesi sana, magnolia, ganda la yai. Kama dirisha linatazama mti, epuka krimu yenye asili ya njano, kwa kuwa njano na ukijani wa majani vikikutana ukuta unapata rangi ya mgonjwa. Chagua yenye wekundu kidogo, ya kuelekea pichi. Kama linatazama mbingu au saruji, krimu ya njano nyepesi inafaa.

Ukuta wenye dirisha ndio wenye giza kuliko zote, kwa sababu mwanga unaingia ukiupa mgongo. Watu wengi huupa rangi iliyokolea ili uwe "ukuta wa pambo". Matokeo yake jicho linaona mwanga mkali wa dirisha umezungukwa na weusi, na chumba kizima kinaonekana cha giza kuliko kilivyo. Kama unataka ukuta mmoja wa rangi, uwe ule unaolitazama dirisha, au wa pembeni.

Kuna jambo jingine ambalo huwashangaza watu siku ya pili baada ya kupaka. Rangi ile ile ikiwa kwenye kuta nne huonekana imekolea kuliko kwenye kadi. Si kwamba duka limekudanganya. Krimu hurudisha wekundu na njano vizuri na ubluu pungufu kidogo, na mwanga unapogonga krimu, kisha krimu tena, upungufu ule mdogo unajirudia hadi unakuwa mkubwa. Kwa hiyo ukishapenda rangi fulani kwenye kadi, panda hatua moja kuelekea nyepesi kwenye mstari ule ule wa kadi, au mwombe mchanganyaji wa mashine aweke nusu ya dozi ya rangi kwenye nyeupe ya msingi.

Suala la mng'ao

Fundi anaposifia rangi ya mafuta, anachokiona ni kweli: inang'aa. Ila inayong'aa hairudishi mwanga mwingi kuliko isiyong'aa ya rangi ile ile. Inachofanya ni kuurudisha kama kioo, kuelekea upande mmoja, huku ile isiyong'aa ikiutawanya chumba kizima. Unapata doa la mwanga karibu na dirisha, na kona inabaki vile vile. Zaidi ya hapo, dirisha likiwa moja, mwanga unaziambaa kuta za pembeni na kila kibonde cha plasta kinatupa kivuli chake. Juu ya rangi ya mafuta vibonde hivyo vinaonekana kutoka mlangoni.

Kwa chumba hiki rangi ya maji isiyong'aa ndiyo nzuri kwa macho, na silki, ile yenye mng'ao hafifu, ndiyo nzuri kama kuna watoto wenye mikono michafu, kwa kuwa inafutika kwa kitambaa chenye maji. Ukichagua silki, kazi ya kulainisha ukuta kwa skimu na msasa iwe ya makini, na ikague ukishika tochi ubavuni mwa ukuta kabla rangi haijaguswa.

Kuna sababu nyingine ya kuiepuka ya mafuta. Ukuta usioota jua hukauka polepole, hasa Masika, na nyumba nyingi za bondeni hupandisha unyevu na chumvi kutoka chini. Rangi ya mafuta hufunga unyevu huo ndani, nao ukitafuta njia hutoa malengelenge na kubandua rangi. Bandika kipande cha nailoni cha sentimita 50 kwa 50 chini ya ukuta kwa gundi ya karatasi, ukifunge pande zote, ukiache siku nzima. Ukikuta matone upande wa ukutani, unyevu unatoka ndani ya ukuta, na hakuna rangi itakayokaa hadi chanzo kitibiwe. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa tu: fungua dirisha zaidi na usogeze kabati mbali na ukuta.

Jaribio kabla ya kununua

Balbu uliyonayo ni sehemu ya rangi yako. Boksi la balbu lina namba: 3000K ni mwanga wa manjano, 4000K uko katikati, 6500K ni ule mweupe wenye ubluu ambao umejaa madukani. Krimu chini ya 6500K hupoteza joto lake. Chini ya 3000K huzidi unjano. Katika chumba kinachowashwa taa hata mchana, 4000K ndiyo inayoelewana vizuri na mwanga unaotoka dirishani.

Kuna kipimo kimoja cha kujua chumba chako ni cha mwanga wa dirisha au cha balbu. Saa sita mchana zima taa, kaa ukutani mbali kabisa na dirisha, ujaribu kusoma gazeti. Ukisoma bila shida, chagua rangi kwa mwanga wa mchana. Ukishindwa, chumba hicho ni cha balbu, na rangi ichaguliwe taa ikiwa inawaka. Kama ni cha kulala tu na mchana hakikaliwi, usijilazimishe kukifanya cheupe; rangi ya udongo mwekundu au kijani iliyokolea hupendeza sana usiku, na giza la mchana halitakusumbua.

Usichague kwa kadi ndogo, wala usipake kiraka juu ya rangi ya zamani, kwa sababu rangi iliyokizunguka italidanganya jicho. Nunua kopo dogo la sampuli na karatasi ya manila nyeupe. Ipake mikono miwili, iache ikauke hadi kesho yake, maana rangi ya maji hukauka ikiwa imekolea kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi. Kisha ibandike kwanza ukutani karibu na dirisha, halafu kwenye kona ya giza, na kuitazama saa nne asubuhi, saa sita, saa kumi na usiku taa ikiwaka. Kona ya giza ndiyo yenye kura ya mwisho. Ikipendeza pale, itapendeza kwingine kote.

Kwa chumba chetu cha mita 3 kwa 3, ukitoa dirisha na mlango unabaki na mita za mraba 29 za ukuta. Mikono miwili ni 58, na lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini hufunika kama mita za mraba 10. Ni lita 6, hivyo nunua makopo mawili ya lita 4, yachanganywe kwa mashine siku moja, na fundi ayamimine pamoja kwenye ndoo moja kabla ya kuanza ili ukuta wa kwanza usitofautiane na wa mwisho. Dari itahitaji lita 2 za nyeupe, na za mabega ya dirisha zitatoka humo humo. Aanze na dari, amalizie na kuta. Kwenye kifuniko cha kopo mashine hubandika karatasi yenye namba za mchanganyiko. Ipige picha kabla fundi hajaichafua, kwa sababu ukuta ukikwaruzwa mwakani, bila namba hizo hakuna atakayeipata krimu ile ile kwa kukisia.